Kuweka Kabla ya Kutoa: Jinsi Kafka Inavyolinda Mfuatano

Gazeti la New York Times lilianza kuchapishwa mwaka 1851. Mwaka 2017 wahandisi wake walieleza hadharani kwamba maandishi yote ya gazeti hilo tangu toleo la kwanza sasa yamo ndani ya daftari moja la kompyuta, nalo wamelipa jina la Monolog. Kila habari, kila maelezo ya picha na kila orodha imeandikwa humo kwa kufuata wakati wa kuchapishwa, na mzigo wote haukufika gigabaiti 100. Programu mpya ikihitaji habari za gazeti, kwa mfano ile ya kuwatafutia wasomaji makala za zamani, huanza kusoma mstari wa kwanza wa daftari hilo na kuteremka hadi wa leo.

Daftari hilo limejengwa kwa Kafka, programu iliyozaliwa ndani ya kampuni ya LinkedIn mikononi mwa Jay Kreps, Neha Narkhede na Jun Rao, ikatolewa kwa umma mwaka 2011. Jina ni la mwandishi Franz Kafka. Kreps alilichagua kwa sababu mfumo huu umeundwa hasa kwa ajili ya kuandika, naye alimpenda mwandishi huyo.

Mwenye kuifahamu Kafka akisoma maelezo ya New York Times hushtushwa na jambo moja: Monolog ina patisheni moja tu. Kampuni nyingi zinazotumia programu hii hugawa daftari zao katika patisheni sita, thelathini, hata mamia. Gazeti kubwa namna hiyo lilikataa kugawa kwa makusudi, na kulielewa kataa hilo ni kuielewa ahadi ambayo Kafka inatoa, pamoja na ile ambayo haitoi.

Ujumbe ukiingia Kafka huongezwa mwishoni mwa daftari na kupewa namba inayoitwa ofseti. Wa kwanza hupata 0, unaofuata 1, na kuendelea. Haufutwi kwa sababu umesomwa, na hauhamishwi mahali pake. Wasomaji kumi wanaweza kuupitia kwa nyakati tofauti, kila mmoja akikumbuka ofseti aliyofikia. Usipobadilisha mipangilio, ujumbe hukaa siku 7 kisha huondolewa; New York Times waliamua kutoondoa kitu.

Daftari lenye jina lake, ambalo watumiaji huliita mada, linaweza kukaa kwenye seva moja likatosha. Shida huanza pale ujumbe unapoingia kwa maelfu kila sekunde na diski ya seva moja ikazidiwa. Hapo mada hugawanywa katika patisheni. Kila patisheni ni daftari kamili lenye ofseti zake kuanzia 0, na kila moja inaweza kuwekwa kwenye seva yake. Kazi inagawanyika na kasi inapanda. Ahadi ya mfuatano nayo inapungua: Kafka inahakikisha kwamba ujumbe wa patisheni moja utasomwa kwa mpangilio ule ule ulioandikwa. Kati ya patisheni mbili haihakikishi chochote.

Athari yake inaonekana vizuri kwenye fedha. Tuchukue kampuni ya kubuni ya pochi za simu yenye mada iitwayo `miamala`, ambayo imegawanywa katika patisheni 6:

```
kafka-topics.sh --create --topic miamala \
  --partitions 6 --replication-factor 3 \
  --bootstrap-server localhost:9092
```

Patisheni hizo zina namba 0 hadi 5. Mteja mmoja, tumwite Asha, ana salio la shilingi 3,000. Saa nne na dakika mbili asubuhi anaweka 50,000 kwa wakala. Dakika moja baadaye analipa ada ya shule 45,000. Miamala yote miwili inaandikwa kwenye mada, lakini aliyeandika programu hakusema lolote kuhusu patisheni, kwa hiyo ujumbe unatawanywa popote penye nafasi. Ule wa kuweka unaangukia patisheni 2, ule wa kulipa unaangukia patisheni 5.

Asubuhi hiyo patisheni 2 ina foleni ya ujumbe 4,000 ambao haujasomwa. Patisheni 5 haina foleni. Programu ya kukokotoa salio inakutana na malipo ya 45,000 kabla haijaona amana yoyote, inaona 3,000 kwenye akaunti, inakataa. Baada ya muda mfupi amana inasomwa na salio linakuwa 53,000, huku Asha akiwa ameshapata ujumbe wa kwamba hana fedha za kutosha.

Hakuna kilichopotea hapo. Mtu akihesabu ujumbe ulioingia na uliosomwa atakuta idadi ni ile ile, na kumbukumbu za seva hazitaonyesha kosa lolote. Ndiyo sababu hitilafu ya aina hii huweza kuishi miezi bila kukamatwa. Kwenye kompyuta ya mwandishi wa programu, ambako mara nyingi mada ya majaribio ina patisheni moja, haitokei kabisa.

Tiba yake ni ufunguo. Kila ujumbe wa Kafka unaweza kubeba ufunguo, na kwa miamala ufunguo unaofaa ni namba ya akaunti. Programu inayotuma huupitisha ufunguo huo kwenye hesabu iitwayo murmur2, ambayo huugeuza kuwa namba kubwa, kisha namba hiyo hugawanywa kwa idadi ya patisheni. Baki ndiyo patisheni. Tuseme akaunti ya Asha imetoa 7,303. Ukigawa kwa 6 inabaki 1, kwa hiyo kila muamala wa Asha, leo na kesho, utaingia patisheni 1. Amana itatangulia, malipo yatafuata, na yeyote anayesoma patisheni hiyo atayakuta hivyo.

Akaunti ya Asha na ya jirani yake zinaweza kuangukia patisheni tofauti na kusomwa kwa mpangilio wowote. Kwa kawaida hilo halimdhuru mtu, maana salio la mmoja halitegemei la mwingine. Kuchagua ufunguo, basi, ni kutamka ni mambo gani lazima yafuatane na yapi yanaweza kupishana. Huo ni uamuzi wa biashara zaidi ya ufundi, na inasikitisha kwamba mara nyingi huachiwa kijana aliyeajiriwa juzi, ambaye hajaambiwa lolote kuhusu namna fedha zinavyotembea.

Mpaka wake unaonekana Asha akimtumia Juma fedha. Muamala mmoja unagusa akaunti mbili, na funguo zao haziko patisheni moja. Kampuni nyingi huandika kwanza ujumbe wa kutoa chini ya ufunguo wa mtumaji; programu ikishaukubali, yenyewe ndiyo inayoandika ujumbe wa pili, wa kuingiza, chini ya ufunguo wa mpokeaji. Mfuatano unalindwa kwa sababu ujumbe wa pili hauzaliwi hadi wa kwanza ushughulikiwe.

New York Times walikabiliwa na tatizo la jamii hiyo hiyo, likiwa na matawi mengi zaidi. Makala hutaja picha, picha hutajwa na makala kadhaa, makala hukusanywa katika orodha. Walitaka programu inayosoma daftari iikute picha kwanza, kisha makala inayoitaja, na uhusiano huo unavuka kila ufunguo ambao mtu angeubuni. Ndipo wakaamua patisheni moja. Gharama yake ni kwamba daftari zima lazima litoshe kwenye diski moja, na kwa maandishi yanayotungwa na binadamu diski moja inatosha sana. Lakini hawakuishia hapo. Kutoka Monolog hutengeneza daftari la pili, ambamo kila makala imeshaunganishwa na vitu vyake vyote katika ujumbe mmoja. Hilo la pili limegawanywa katika patisheni nyingi, kwa kuwa kinachohitajika humo ni matoleo ya makala moja kufuatana yenyewe kwa yenyewe.

Ufunguo, hata hivyo, hulinda mfuatano upande wa kuandika tu. Upande wa kusoma unalindwa na kundi la wasomaji.

Msomaji hapa ni programu inayovuta ujumbe kutoka Kafka, nayo hujitambulisha kwa jina la kundi lake. Katika kampuni yetu kundi `mizania` hukokotoa salio, kundi `sms` huwatumia wateja taarifa, kundi `ulaghai` huchunguza miamala yenye shaka. Kila kundi husoma mada nzima na kutunza ofseti zake. `sms` ikizimwa saa nzima, `mizania` haitasikia lolote, na `sms` ikiwashwa itaendelea pale ilipoachia.

Ndani ya kundi mambo ni tofauti. Patisheni hugawiwa wasomaji wa kundi, na kila patisheni hupewa msomaji mmoja tu kwa wakati mmoja. `mizania` ikiwa na wasomaji 3, kila mmoja anashika patisheni 2. Wakiwa 6, kila mmoja anashika 1. Wakiwa 8, wawili hukaa bure, wakisubiri mwenzao afe. Wasimamizi wapya hushangaa kuona wameongeza mashine na kasi haijaongezeka, lakini kanuni hii ndiyo inayomlinda Asha. Wasomaji wawili wangeruhusiwa kuchota kutoka patisheni 1, mmoja angeweza kubeba amana akakawia, na mwenzake akabeba malipo akamaliza mapema.

Kosa hilo hilo huweza kurudishwa kwa mlango wa nyuma. Msomaji huvuta ujumbe kwa mafungu, na mwandishi wa programu anayetaka kasi hushawishika kuzishughulikia jumbe kumi za fungu kwa pamoja. Kafka imemkabidhi ujumbe kwa mpangilio sahihi. Yeye ndiye aliyeuvuruga. Akitaka kufanya kazi sambamba bila madhara, inabidi aligawe fungu kwa ufunguo ndani ya programu yake, ili jumbe za akaunti moja zishughulikiwe moja baada ya nyingine.

Msomaji akiondoka au akiongezeka, kundi hugawana patisheni upya. Hapa ndipo wengi huumia. Kafka ina njia mbili za kujua kwamba msomaji yu hai. Ya kwanza ni ishara fupi ambayo humfikia msimamizi wa kundi kila sekunde 3. Ya pili ni kwamba msomaji lazima arudi kuvuta fungu jingine ndani ya dakika 5. Huo ndio mpangilio uitwao `max.poll.interval.ms`, ambao usipoguswa ni milisekunde 300,000. Fungu moja linaweza kuwa na ujumbe hadi 500.

Tuseme msomaji wa `mizania` hulazimika kuuliza mfumo wa benki kwa kila muamala. Siku za kawaida jibu hurudi kwa sehemu ndogo ya sekunde. Mwisho wa mwezi, mishahara inapoingia, jibu linachukua sekunde 0.7. Mara 500 ni sekunde 350. Dakika 5 zinapita kabla fungu halijakwisha, msomaji anaondolewa kwenye kundi, na patisheni yake anapewa mwingine. Huyo mpya anaanzia ofseti ya mwisho iliyowekewa alama, yaani mwanzo wa fungu lile lile. Naye anavuta 500, naye anazidiwa, naye anaondolewa. Wa kwanza anapomaliza na kujaribu kuweka alama yake anajibiwa `CommitFailedException`, maana patisheni si yake tena.

Mtu wa nje anaona mfumo wenye kazi nyingi usiosonga mbele hata hatua moja. Amri hii huonyesha hali:

```
kafka-consumer-groups.sh --describe --group mizania \
  --bootstrap-server localhost:9092
```

Sehemu ya jibu inaweza kusomeka hivi:

```
TOPIC    PARTITION  CURRENT-OFFSET  LOG-END-OFFSET  LAG
miamala  0          918204          918209          5
miamala  1          871500          884320          12820
miamala  2          902117          902121          4
```

Safu ya `LAG` ni idadi ya ujumbe ambao kundi halijausoma. Patisheni 1 imeachwa nyuma kwa 12,820. Namba hiyo peke yake haitoshi kutambua ugonjwa; inabidi amri irudiwe baada ya dakika chache. `CURRENT-OFFSET` ikiwa imepanda, msomaji yuko hai ila ni mzito, na pengine patisheni hiyo imebeba akaunti moja yenye shughuli kupita zote, kwa mfano ya shirika linalolipwa bili na nusu ya mji. Hapo kuongeza wasomaji hakusaidii, kwa kuwa ufunguo mmoja haugawanyiki. Ikiwa imeganda pale pale kwenye 871500 huku kumbukumbu za programu zikisema kundi linagawana upya tena na tena, basi ni mzunguko ule wa dakika 5. Dawa yake ya haraka ni kupunguza fungu: `max.poll.records` ikiwekwa 100, sekunde 0.7 kwa kila ujumbe inafanya 70, na msomaji anarudi mapema.

Mzunguko huo unaacha doa jingine. Miamala kadhaa ya fungu lililoachwa ilishaingizwa kwenye salio, na sasa inasomwa upya. Kafka katika matumizi haya huahidi kwamba ujumbe utafika angalau mara moja. Mara ya pili haijakatazwa. Kwa hiyo hifadhidata ya salio lazima itunze namba ya kila muamala na kuukataa uliokwisha kuandikwa. Mwenye kuacha kinga hiyo atamwongezea Asha 50,000 mara mbili, na hitilafu ya namna hiyo wateja hawaharakishi kuiripoti.

Mtumaji naye aliwahi kuwa chanzo cha kupishana. Mafungu mawili yanaweza kuwa njiani kwa pamoja. La kwanza likikwama na kutumwa tena, la pili lingeweza kutangulia. Toleo la 0.11 la mwaka 2017 lilileta namba za mfuatano ambazo seva huzikagua kwa kila mtumaji na kila patisheni, na tangu toleo la 3.2 la mwaka 2022 kinga hiyo huwa imewashwa tayari. Haiwezi kusaidia ikiwa amana na malipo vimetumwa na seva mbili tofauti. Kafka hupanga kwa wakati wa kufika, haijui nani alibonyeza kwanza.

Baada ya miaka miwili kampuni imekua, patisheni 6 hazitoshi, na msimamizi anaziongeza kuwa 8. Amri ni ya mstari mmoja na inakubaliwa bila onyo kali. Lakini 7,303 ikigawanywa kwa 8 inabaki 7. Miamala ya Asha ya zamani imebaki patisheni 1, kwa kuwa ujumbe hauhamishwi. Ya sasa inaingia patisheni 7, ambayo ni mpya na haina foleni. Ikiwa patisheni 1 ina ujumbe 12,820 unaosubiri, malipo ya leo yatasomwa kabla ya amana ya jana. Na Asha hayuko peke yake. Katika mgao wa 6 kwenda 8, funguo zilizosambaa sawasawa huhama tatu kati ya kila nne. Kwenda 12 huhama nusu. Kurudi nyuma hakuwezekani, kwani Kafka hairuhusu kupunguza idadi ya patisheni za mada.

Wenye uzoefu hufungua mada mpya yenye patisheni nyingi zaidi, husimamisha watumaji, huwaacha wasomaji wamalize ile ya zamani hadi `LAG` ifike 0 kila mahali, ndipo wakahamia mpya. Ni kazi ya usiku. Wengine huikwepa kwa kuanza na patisheni nyingi kuliko wanazohitaji, na huo ni ushauri mzuri mradi usipitilizwe, maana kila patisheni ni mafaili ya kutunza na kazi ya kurejesha seva inapoanguka.

Kuna kazi ambazo hazihitaji mfuatano kabisa, na kwa hizo kanuni ya patisheni moja kwa msomaji mmoja ilikuwa kero ya miaka mingi. Toleo la 4.0, lililotoka Machi 2025, lilileta kwa majaribio makundi ya kushirikiana, ambamo wasomaji wengi huchota kutoka patisheni moja na kila ujumbe hukiriwa peke yake. Msomaji mmoja akikwama kwenye ujumbe mbaya, wenzake huendelea, na idadi ya wasomaji inaweza kuzidi ya patisheni. Mfuatano haulindwi humo. Katika kampuni yetu, kundi la `ulaghai` linaloangalia muamala mmoja mmoja lingeweza kuhamia huko kesho. `sms` lingehitaji kufikiriwa, kwa sababu mteja anayepokea taarifa ya malipo kabla ya ile ya amana atapiga simu kuuliza. `mizania` lingebaki pale lilipo, wasomaji 6 kwa patisheni 6.